Cheti Kiko Ukutani, Leseni Je? Kagua Sacco Kabla ya Kutuma Akiba Yako

Ukiwa Olenguruone siku ya soko, hasa wakati viazi vimetoka shambani au bonasi ya chai imeingia, hukosi kukutana na vijana wa fulana za rangi moja na mwavuli mkubwa, wakiandikisha wanachama wa Sacco. Wengine ni wa Sacco halali kabisa, wametumwa na tawi lao. Wengine hujui wametoka wapi. Tatizo ni kwamba wote wanaongea vizuri, wote wana karatasi za kuonyesha, na wote watakupa namba ya kutuma pesa kwa simu.

Sisi upande wa malipo tunaona mwisho wa hadithi tu: mteja anatuuliza kama tunaweza kurudisha pesa alizotuma miezi mitano iliyopita. Mara nyingi jibu linauma, kwa sababu hakukosea namba. Alituma mahali alipotaka kutuma, na huko ndiko kulikokuwa na shida. Kwa hivyo leo tuongee juu ya dakika thelathini za kabla ya kutuma. Na jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni hili: Sacco inaweza kuwa imesajiliwa na bado isiwe na ruhusa ya kufanya kile inachokufanyia.

Karatasi mbili, ofisi mbili

Kila chama cha ushirika Kenya, kiwe cha maziwa, cha kahawa au cha akiba na mikopo, husajiliwa na Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika. Akishakisajili anatoa cheti. Cheti hicho ni kama cheti cha kuzaliwa: kinasema chama hiki kipo, kina jina hili, na kilianza tarehe fulani. Hakisemi chama kina afya, wala hakisemi kinaruhusiwa kufungua kaunta na kupokea akiba kama benki.

Ruhusa hiyo ya pili inatoka ofisi nyingine, SASRA, ambayo ndiyo mamlaka ya kusimamia Sacco na iliundwa na sheria ya mwaka 2008. SASRA haisajili vyama. Inatoa leseni, na leseni yenyewe huisha kila tarehe 31 Desemba. Cheti cha Kamishna kinaweza kukaa ukutani miaka ishirini bila kubadilika, lakini leseni ya mwaka jana ni karatasi ya kufungia njugu. Ukionyeshwa leseni, macho yaende kwenye mwaka kwanza.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ya Ekeza. Wengi wetu tunakumbuka Ekeza Sacco ya Thika. Haikuwa kitu cha kichochoroni. Ilikuwa na ofisi, matangazo na maelfu ya wanachama, na ilikuwa chama cha ushirika kilichosajiliwa. Aliyeuliza "Je, mmesajiliwa?" aliambiwa ndiyo, na hakudanganywa. Lakini haikuwa kwenye orodha ya Sacco zenye leseni ya SASRA. Pesa za wanachama zilihusishwa na kampuni ya mashamba na nyumba iliyoanzishwa na mtu yule yule aliyeanzisha Sacco. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha shughuli zake, watu walibaki na vitabu vya akiba mkononi, na kudai kwao kukawa kwa miaka. Swali ambalo lingewasaidia ni la pili: "Leseni yenu ya SASRA ya mwaka huu iko wapi?"

Lakini si kila Sacco inahitaji leseni ya SASRA

Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, na mimi mwenyewe nilichukua muda kuelewa, kwa hivyo twende polepole.

Kuna aina mbili za akiba. Ya kwanza ni ile unayoweza kutoa. Unaweka leo, kesho unaenda kaunta unatoa, kama akaunti ya benki. Kaunta hiyo ndiyo watu huita FOSA. Sacco yoyote inayofanya hivi lazima iwe na leseni ya SASRA, iwe kubwa au ndogo. Hakuna mjadala.

Ya pili ni akiba iliyofungwa. Unaweka kila mwezi, huwezi kuitoa ukiwa bado mwanachama, ila inakuwa dhamana yako ya mkopo. Ukitaka kuichukua unajiuzulu uanachama na kungoja, mara nyingi siku 60, na uwe huna deni wala hujamdhamini mtu ambaye hajamaliza kulipa. Sacco za aina hii zilikuwa nje ya SASRA kwa muda mrefu. Kanuni za mwaka 2020, zilizoanza kutumika Januari 2021, ziliziingiza baadhi: zile ambazo akiba za wanachama wake zimefika Sh100 milioni na zaidi, zile zinazosajili wanachama au kukusanya akiba kwa njia ya mtandao na simu, na zile zinazotafuta wanachama walio ng'ambo.

Kwa hivyo Sacco ndogo ya wakulima wa kituo kimoja cha kununulia chai, yenye akiba iliyofungwa na wanachama wanaojuana kwa majina, inaweza kuwa halali kabisa bila kuonekana popote kwenye orodha ya SASRA. Inasimamiwa na Kamishna na maafisa wa ushirika wa kaunti. Usiiite wezi kwa sababu hiyo peke yake. Cha kuangalia ni kama maneno yake yanalingana na karatasi zake. Ikisema "utatoa wakati wowote", imejiweka kwenye kundi la kwanza. Ikikusajili kwa linki ya WhatsApp ukiwa umeketi nyumbani kwako Keringet, imejiweka kwenye kundi la SASRA pia, hata kama ni ndogo.

Tujaribu na mfano mmoja

Mfano huu nimeutunga, lakini vipande vyake utavitambua. Tuseme umeuza viazi na umebaki na Sh60,000 ambazo huna haraka nazo. Kijana wa mwavuli anakwambia: "Mama, weka hapa. Kila mwezi tunakupa asilimia tatu. Ukihitaji pesa yako unatoa siku hiyo hiyo. Na mkopo ni mara tatu ya akiba." Anakutumia picha ya cheti kwenye simu, halafu anakuandikia namba ya kutuma.

Usimjibu ndiyo wala la. Mwambie utarudi kesho, kisha fungua ile picha uikuze.

Soma namba ya cheti kabla ya kusoma kitu kingine. Cheti cha chama cha ushirika hutolewa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, na namba yake huanza na CS/. Ukiona namba inaanza na PVT-, hiyo ni kampuni ya binafsi. Ikianza na BN-, ni jina la biashara tu, kama la kinyozi au duka la dawa za mifugo. Zote ni karatasi halali za serikali zenye nembo, ndiyo maana zinadanganya macho, lakini hakuna kati ya hizo mbili inayofanya kitu kuwa Sacco. Halafu kuna cheti cha kikundi kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Hicho ni cha chama chetu cha kawaida cha kuzungushiana pesa. Kikundi hakina ruhusa ya kukusanya akiba za umma sokoni.

Tuseme namba inaanza na CS/. Vizuri. Sasa linganisha jina, herufi kwa herufi, na jina lililo kwenye fulana, kwenye fomu na kwenye namba ya kulipia. Neno moja likiongezeka au kupungua, hicho kinaweza kuwa chama kingine kabisa. Kuna wanaoazima jina la Sacco kubwa inayojulikana na kulibandika neno mbele au nyuma.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye tovuti ya SASRA, www.sasra.go.ke, utafute orodha ya Sacco za mwaka huu. SASRA huitoa kila mwanzo wa mwaka, na kwa miaka ya karibuni imekuwa na Sacco takriban 350 nchi nzima. Imegawanywa mara mbili: zenye herufi DT ni zile za akiba ya kutoa, na zenye NWDT ni zile za akiba iliyofungwa. Simu yako ikiwa kabambe, saiba yoyote mjini itakufungulia faili hiyo kwa shilingi chache. Hakikisha juu imeandikwa mwaka huu. Orodha za zamani bado zinazunguka mtandaoni, na hata mawakala wanazituma wakijua kabisa jina lao lilitolewa baadaye.

Angalizo dogo kuhusu majina. Wazee wetu bado wanaziita Sacco kwa majina ya kale. Ukitafuta Nakuru Teachers hutaipata, kwa sababu siku hizi ni Cosmopolitan. Kipsigis Teachers ya Kericho sasa ni Imarisha. Uliza jina la sasa kabla ya kusema haimo.

Katika mfano wetu, jina halimo, si kwenye DT wala kwenye NWDT. Je, hiyo inatosha kumfukuza kijana? Rudi kwenye maneno yake. Alisema unatoa pesa siku hiyo hiyo. Hiyo ni akiba ya kutoa, na akiba ya kutoa bila kuwa kwenye orodha ya DT ni kinyume cha sheria. Kama angesema akiba imefungwa na ni ya wakulima wa eneo lenu tu, ungekuwa na sababu ya kuendelea na hatua inayofuata. Kwa alichosema, safari imeishia hapa.

Hata hivyo tumalizie hesabu yake, kwa sababu inafundisha. Asilimia tatu kwa mwezi ya Sh60,000 ni Sh1,800. Kwa mwaka ni Sh21,600, yaani asilimia 36. Sacco inapata wapi pesa hizo? Kazi yake ni kukopesha wanachama, na Sacco nyingi hukopesha kwa asilimia moja hadi moja na nusu hivi kwa mwezi, kwa salio linalopungua. Kwa mwaka mzima, ikikopesha kila shilingi na kila mtu akalipa kwa wakati, inaingiza kama asilimia 12 hadi 18 kabla ya kulipa mishahara, kodi ya ofisi na mikopo iliyoharibika. Anayekuahidi 36 anatoa pesa mahali pengine. Mara nyingi mahali hapo ni mifuko ya watakaoandikishwa soko lijalo.

Ukiwa kwa Sacco ndogo isiyo kwenye orodha

Kwa zile ndogo za akiba iliyofungwa, mtu wa kumwona ni afisa wa ushirika wa kaunti ndogo, kwetu Kuresoi Kusini. Watu wanamwogopa bure. Kazi yake ni kuvijua vyama vya eneo lake, na mara nyingi hualikwa kwenye mikutano yao mikuu. Nenda na jina kamili na namba ya CS/. Muulize mambo mawili tu: chama hiki kiko hai kwenye rekodi zenu, na mara ya mwisho kilifanya mkutano mkuu lini kikasoma hesabu zilizokaguliwa?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sheria inataka chama kifanye mkutano mkuu wa mwaka ndani ya miezi minne baada ya mwaka wake wa fedha kuisha. Kama mwaka wa fedha unaisha Desemba, mkutano uwe umefanyika kufikia mwisho wa Aprili. Chama ambacho hakijasomea wanachama hesabu kwa miaka miwili kinajificha kitu, au hakijui kilicho ndani ya sanduku lake. Kwako wewe unayetaka kuweka pesa, hali hizo mbili zina matokeo yale yale.

Pia waulize wenyewe watenganishe hisa na akiba. Huku kwetu tunaita kila kitu "shea", na hapo wengi wameumia. Hisa ni mtaji wako wa umiliki. Ukijiuzulu huwezi kurudishiwa, unaweza tu kumuuzia au kumhamishia mwanachama mwingine. Akiba ndiyo hurudishwa. Kama risiti yako imeandika hisa kwa pesa ulizodhani ni akiba, sahihisha siku hiyo hiyo. Baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka mlivyoelewana.

Namba ya kulipia inasema nini, na haisemi nini

Hapa niseme ukweli kuhusu biashara yetu. Sacco kuwa na namba ya Paybill hakumaanishi kwamba SASRA imeikubali. Kampuni ya malipo huangalia karatasi za usajili wa anayeomba namba ili ijue ni nani. Haikagui vitabu vyake vya mikopo. Kwa hivyo usikubali mtu akwambie "angalia, tuko na Paybill" kama jibu la swali la leseni.

Kinachosaidia ni jina. Jina la mwenye namba likionekana kabla hujaweka PIN, lisome. Liwe jina la Sacco lile lile ulilolikuta kwenye cheti na kwenye orodha. Likiwa la mtu, au la kampuni ya mashamba, au la duka, simamisha. Namba ya simu ya wakala usiitumie kabisa, hata akisema mtandao wa ofisi umelala na ataipeleka jioni. Na namba yenyewe ichukue kutoka ofisi ya Sacco au fomu zake rasmi, si kutoka kwenye ujumbe uliotumiwa na mtu usiyemjua.

Kwenye sehemu ya akaunti, weka namba yako ya uanachama, si jina la wakala. Ukituma kiasi kidogo kwanza, tuseme Sh500, subiri uone kimeingia kwenye taarifa yako ya Sacco, si kwenye daftari la kijana wa mwavuli. Ujumbe wa uthibitisho usiufute. Simu ikijaa, futa picha za harusi kwanza!

Leseni ipo. Je, nilale?

Leseni inapunguza hatari, haiiondoi. Mapema mwaka 2025 ukaguzi maalumu wa KUSCCO, muungano wa Sacco za Kenya, ulisema Sh13.3 bilioni zilikuwa zimepotea. KUSCCO ilisajiliwa kama ushirika, lakini haikuwa na leseni ya SASRA ya kupokea akiba. Yaani ni ile shida yetu ya karatasi mbili, ila safari hii walioweka pesa bila kuuliza swali la pili walikuwa ni Sacco zenyewe, zikiwemo zenye leseni halali. Ndiyo maana kwenye mkutano mkuu inafaa kuuliza pesa zetu ambazo hazijakopeshwa zimewekwa wapi, na kwa nani.

Jua pia kwamba sheria ya 2008 ilitaja mfuko wa kulinda akiba za wanachama wa Sacco za DT, hadi Sh100,000 kwa mtu, lakini mfuko huo umekaa kwenye karatasi miaka yote hii. Wakala akikwambia "serikali itakulipa Sacco ikianguka", anachanganya Sacco na benki.

Na kama tayari umeweka, halafu leo umetafuta jina ukakosa? Usiongeze hata shilingi. Andika barua ya kujiuzulu na kudai akiba, peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri na tarehe. Toa taarifa ya miamala yako ya simu ya kipindi chote ulichochangia, upige chapa. Ukiwa na hizo mbili mkononi, nenda kwa afisa wa ushirika. Kama walikuwa wanapokea akiba ya kutoa bila leseni, wapelekee SASRA malalamiko pia. Mgogoro wa mwanachama na chama chake husikizwa na Mahakama ya Ushirika, na huko barua yenye mhuri na orodha ya miamala ndivyo vitakavyoongea kwa niaba yako. Ukiona ofisi imefungwa na simu zao hazipatikani, anza na kituo cha polisi, uandikishe ripoti na upewe namba ya OB, halafu ndipo uende kwingine.